Kuandika juu ya imani yako bila kuikiri wala kuikana

*Swali:* "Shikamoo Mwalimu. Nasoma masomo ya dini, mwaka wa pili, na mimi ni Mpentekoste tangu utotoni. Katika insha yangu juu ya uamsho wa mtaa wa Azusa niliandika hivi: 'Mwaka 1906 Roho Mtakatifu alishuka juu ya kundi dogo la waumini huko Los Angeles. Mungu alimtumia mtumishi wake mnyenyekevu Seymour kuvunja ukuta wa rangi, na ingawa magazeti ya kidunia yalidai kuwa ni vurugu, moto ule haukuzimika.' Mhadhiri akaandika pembeni: 'Haya ni mahubiri.' Nikabadilisha: 'Inadaiwa kwamba watu fulani walipata kile wanachokiita "Roho Mtakatifu".' Akaandika tena: 'Hii nayo haifai.' Najiona kama mtu aliyeambiwa aikane imani yake, kisha akakatazwa hata kuikana. Niandikeje?"

Marahaba. Mhadhiri wako amesema kweli mara zote mbili, kwa sababu sentensi zako, ingawa zinaonekana kupingana, zimefanya jambo moja. Katika ile ya kwanza wewe mwandishi unathibitisha kwamba Roho Mtakatifu alishuka. Katika ile ya pili, kwa neno "inadaiwa" na kwa alama za kunukuu ulizolifungia jina la Roho, unamnong'oneza msomaji kwamba pengine hakushuka. Kote kuwili umelijibu swali ambalo vyanzo vyako haviwezi kulijibu. Ulicho nacho mezani ni gazeti la misheni yenyewe, habari za magazeti ya mji, barua za wamisionari, na kumbukumbu zilizoandikwa na washiriki miaka kadhaa baadaye. Vyanzo hivyo vinaweza kukuonyesha nani alisema nini, lini, mbele ya nani, na kitu gani kilifuata baada ya kusemwa. Haviwezi kukuonyesha kama aliyesababisha yote hayo ni Mungu, na haviwezi pia kukuonyesha kwamba siye.

Wanataaluma wa dini wameligombania jambo hili kwa muda mrefu, na inafaa uzijue njia mbili kwa sababu wanafunzi wengi waumini huidhania ya kwanza kuwa ndiyo pekee. Mwaka 1967 mwanasosholojia Peter Berger alipendekeza kile alichokiita uateisti wa kimbinu: mtafiti, hata kama anasali kila siku, aichunguze dini kama zao la wanadamu na asimwingize Mungu katika maelezo yake. Ninian Smart alimjibu mwaka 1973 kwa kupendekeza uagnosti wa kimbinu. Kwa Smart, mtafiti hana haja ya kuanza kwa kudhani kwamba hakuna mtu upande wa pili wa sala. Kinachomtosha ni kulieleza lengo la ibada jinsi linavyoonekana katika maisha ya waabuduo, likiwa na uzito lililo nao kwao, huku akiliacha wazi swali la kuwapo kwake nje ya maisha hayo. Mimi nakushauri uishike njia ya Smart. Haikuombi useme lolote usiloliamini. Inakuomba uliache swali moja bila jibu ndani ya kurasa za insha, jambo ambalo ni tofauti kabisa na kuliacha bila jibu ndani ya nafsi yako.

Sasa tuingie katika sentensi zenyewe, maana hapa ndipo kazi ilipo. Chukua ile ya kwanza. Tatizo lake halikuwa kumtaja Roho Mtakatifu; insha juu ya Azusa isiyomtaja Roho Mtakatifu ingekuwa imekosa kiini chake. Tatizo ni kwamba dai halina mwenyewe. Ukimpa dai mwenyewe wake, mahali pake na tarehe yake, sauti hubadilika papo hapo:

"Mnamo Aprili 1906 watu waliokuwa wakikutana kusali katika nyumba moja ya mtaa wa Bonnie Brae, Los Angeles, chini ya uongozi wa William Seymour, walianza kutamka maneno ambayo wao wenyewe waliyaeleza kuwa ni lugha walizojaliwa na Roho Mtakatifu. Waliielewa hali hiyo kwa mwanga wa sura ya 2 ya Matendo ya Mitume na kwa fundisho ambalo Seymour alilisikia kwa Charles Parham huko Houston, kwamba kunena kwa lugha ni ishara ya ubatizo wa Roho. Mikutano ilihamia jengo la namba 312 mtaa wa Azusa. Tarehe 18 Aprili gazeti la Los Angeles Times liliielezea kuwa ni mchafuko wa ajabu wa lugha. Mnamo Septemba toleo la kwanza la gazeti la misheni, Apostolic Faith, lilitangaza kwamba Pentekoste imewadia."

Angalia kilichotokea. Roho Mtakatifu yumo, Pentekoste imo, Matendo ya Mitume yamo, na hakuna alama hata moja ya kubeza. Mpentekoste akiisoma aya hii atawatambua watu wake; asiye na dini akiisoma anaweza kuikagua kila sentensi. Tena aya imekuwa na habari nyingi kuliko ile ya kwanza, kwa sababu "Roho alishuka" ilikuwa imeyameza mambo manne: nani walikuwepo, walifanya nini, walilielewaje, na walilipata wapi fundisho lililowawezesha kulielewa hivyo. Jambo hilo la mwisho waumini wengi hulipita bila kuliona. Kwa mtu aliyelelewa ndani ya imani, uhusiano kati ya kunena kwa lugha na ubatizo wa Roho huonekana kuwa ni wa wazi, usiohitaji kuelezwa. Lakini watu walikuwa wameripotiwa kunena kwa lugha kabla ya Parham. Kilichokuwa kipya mwanzoni mwa karne ya 20 ni fundisho lililoifanya hali hiyo kuwa ishara ya jambo mahususi. Sauti ya ukiri inapolifunika fundisho kwa jina la tukio, msomaji ananyimwa historia yenyewe.

Magazeti nayo uyatazame upya. Ulipoyaita "ya kidunia" na ukayapa kitenzi "yalidai", ulikuwa umeshayahukumu kabla hayajasema neno. Katika aya niliyoandika, gazeti la mji "liliielezea" na gazeti la misheni "lilitangaza", na yote mawili yana tarehe. Kanuni ninayoifuata ni kwamba kitenzi kisifanye kazi ambayo ushahidi haujaifanya. "Alitambua", "aligundua", "alifunuliwa" na "alijazwa" vinamthibitishia msomaji kwamba kilichotambuliwa kipo. "Alidai", "alijifanya" na lile neno "eti" vinamwambia kwamba hakipo. Katikati kuna "alisema", "aliandika", "alifundisha", "alieleza kuwa", "alielewa kuwa", na hivi vinatosha kwa kazi karibu yote. Uwe mwangalifu hata na "aliamini", kitenzi kinachoonekana kuwa salama kuliko vyote: ukiandika kwamba waumini "waliamini" na wapinzani wao "walieleza", tayari upande mmoja umeupa maoni na mwingine umeupa ukweli. "Kushuhudia" lina pande mbili. Ukisema Bi fulani alishuhudia uponyaji, umethibitisha uponyaji. Ukisema alitoa ushuhuda wa uponyaji mbele ya kusanyiko, umetaja tendo la ibada ambalo yeyote aliyekuwepo angeweza kuliona na kulisikia.

Hapa wanafunzi huniuliza: basi kila sentensi ibebe "kwa mujibu wa waumini"? La. Insha ya namna hiyo huchosha, na urudiaji wenyewe huanza kusikika kama shaka. Njia bora ni kuweka fremu mara moja mwanzoni mwa aya, kisha kuzungumza ndani yake kwa sentensi za kawaida. Kwa mfano: "Katika mafundisho yaliyochapishwa na misheni ya Azusa, safari ya mwamini ina hatua tatu. Kwanza huokolewa. Kisha hutakaswa, na asili ya dhambi huondolewa moyoni. Mwisho hubatizwa kwa Roho Mtakatifu, apate nguvu ya kutumika." Sentensi tatu za mwisho hazina kizuizi chochote, na bado hakuna msomaji atakayezidhania kuwa ni kauli zako, kwa sababu fremu inazibeba. Ila fremu ina mipaka. Huisha aya inapoisha, na huvunjika katikati ya aya pale unapobadilisha chanzo. Ukianza na gazeti la misheni kisha ukaingiza kumbukumbu iliyoandikwa miaka 20 baadaye bila kusema, msomaji ataendelea kudhani ni sauti ya 1906. Ukitaka kujua kama fremu imekatika, weka kidole juu ya sentensi yoyote iliyo katikati ya ukurasa na ujiulize ni nani anayeisema. Ikiwa jibu ni "mimi", na sentensi inamhusu Mungu, irudishie fremu.

Hadi hapa nimezungumzia lugha, nayo hurekebishika kwa jioni mbili za subira. Upendeleo mzito wa mwandishi muumini hukaa mahali pengine, na unaweza kubaki hata katika insha ambayo kila kitenzi chake ni safi. Hukaa katika kulidhania tawi lake kuwa ndilo mti mzima. Mwanafunzi aliyejifunza kuandika "Wapentekoste wanafundisha kwamba kunena kwa lugha ni ishara ya lazima ya ubatizo wa Roho" amejitoa katika sentensi kisarufi, lakini kanisa lake limebaki humo, likisema kwa niaba ya wote. Kwa Azusa jambo hili ni la wazi mno, kwa sababu waasisi wenyewe hawakukubaliana. Parham, mwalimu wa Seymour, alipofika Los Angeles mnamo Oktoba 1906 aliilaani mikutano ile hadharani, na maneno yake juu ya weusi na weupe kusali pamoja yalijaa ubaguzi wa rangi. Mwaka 1911 William Durham alihubiri Azusa kwamba hakuna hatua ya pili ya utakaso, kwa kuwa kazi ilikamilika msalabani, na Seymour akamfungia mlango. Seymour mwenyewe baadaye aliacha kushikilia kwamba lugha peke yake zathibitisha ubatizo wa Roho, akasisitiza upendo kuwa ndio alama. Je, "Wapentekoste" wa sentensi yako ni yupi kati ya hao?

Ndiyo maana nakuomba, kila unapoandika "Wapentekoste wanaamini", usimame na utafute jina, mwaka na mahali. Mara nyingine utakuta kwamba ulichotaka kukisema ni kweli kwa kanisa fulani tangu mwaka fulani, na hapo sentensi yako huwa na nguvu zaidi. Mara nyingine utakuta kwamba hukuwa na chanzo chochote isipokuwa kwamba ndivyo ulivyofundishwa. Ujuzi wa ndani ni wa thamani kubwa, kwa kuwa unakuonyesha mahali pa kutafuta na unakusaidia kuielewa misemo ya ibada ambayo mgeni angeipita. Lakini hauwezi kusimama penye tanbihi. Huko Topeka, Kansas, Januari 1901, mwanafunzi wa Parham aitwaye Agnes Ozman aliripotiwa kunena kwa lugha, na makanisa mengi husimulia kwamba wanafunzi wote walikuwa wamekwisha kufikia uamuzi kutoka Maandiko, kwamba kunena kwa lugha ndiko ishara ya ubatizo wa Roho, kabla ya tukio hilo. Hiyo ni simulizi ya Parham. Simulizi ya Ozman mwenyewe hailingani nayo kuhusu mpangilio huo. Mwandishi anayejua simulizi moja tu, ile aliyoisikia kanisani, hataona hata kwamba kuna la kuamua. Atalieleza kama lilivyo na kuamini kwa dhati kwamba hakupendelea.

Ukuta wa rangi ni mfano mwingine wa aina hiyo. Frank Bartleman, mshiriki wa mikutano ile, aliandika katika kumbukumbu zake kwamba mstari wa rangi ulioshwa kwa damu. Hiyo ni kauli ya muumini iliyo nzuri sana kuinukuu, ikiwa na jina lake na pamoja na habari kwamba ilichapishwa mwaka 1925. Wewe uliichukua ukaifanya yako, na ukampa Mungu tendo ambalo Bartleman alilihusisha na damu ya Yesu. Ukiirudisha kwake, unapata nafasi ya kuweka kando yake mambo mengine yanayothibitika: kwamba Seymour, mwana wa watu waliokuwa watumwa, alilisikiliza somo la Parham akiwa nje ya chumba kwa sababu ya sheria za ubaguzi, kwamba Azusa watu wa rangi mbalimbali walisali pamoja chini ya mchungaji mweusi, na kwamba mwaka 1914 Assemblies of God ilipoundwa huko Hot Springs, Arkansas, waliokusanyika walikuwa karibu wote weupe. Kwa sauti ya ukiri habari hii ya 1914 haina pa kukaa, kwa maana ukuta uliovunjwa na Mungu haujengwi tena. Kwa sauti ya uchunguzi inakuwa swali zito: kwa nini kauli ya Bartleman iliandikwa na kuenziwa wakati ambapo makanisa yalikuwa yamekwisha kutengana?

Nikupe sasa mtihani mgumu kuliko wote katika mada hii, kwani ukiuvuka, mengine yatakuwa mepesi. Parham alifundisha kwamba lugha zilizonenwa zilikuwa lugha halisi za mataifa, walizopewa wamisionari ili wahubiri bila kujifunza. Wengi wa Azusa walilipokea fundisho hilo. Alfred Garr na mkewe Lillian walikwenda Kolkata, wakati huo Calcutta, wakitumaini kuhubiri Kibengali kwa njia hiyo, na mapema mwaka 1907 walikuwa wameanza kazi huko. Garr hakuweza kuwahubiria wenyeji kwa Kibengali alichodhani amepewa. Mwandishi muumini hutamani kulipita jambo hili, au kulifunika kwa sentensi kama "Mungu alikuwa na mpango mwingine". Mwandishi anayetaka kuonyesha kwamba hapendelei hukimbilia upande wa pili na kuandika kwamba walijidanganya. Zote mbili zinaficha jambo la kuvutia zaidi katika kisa hiki, na aya ninayoipendekeza ni hii:

"Garr alifika India akitarajia kwamba lugha aliyoipokea ingekuwa Kibengali. Matarajio hayo yalilingana na fundisho la Parham, na yangeweza kupimwa mbele ya wasikilizaji. Alipoona kwamba hawezi kuhubiri kwa lugha ya wenyeji, hakuacha kufundisha juu ya ubatizo wa Roho wala juu ya kunena kwa lugha. Aliachana na wazo kwamba karama hiyo ni chombo cha kuhubiria mataifa, akaendelea kuifundisha kama karama ya kiroho. Badiliko kama hilo lilitokea katika vuguvugu kwa upana, na uelewa uliotawala baadaye ni ule wa lugha za sala na sifa."

Hakuna kilichofichwa hapa. Matarajio yametajwa, kushindwa kumetajwa, na imani iliyoendelea imetajwa. Msomaji anayeamini anaweza kuona kwamba Garr alijifunza maana sahihi zaidi ya karama. Msomaji asiyeamini anaweza kuona fundisho lililorekebishwa baada ya kugongana na mambo yalivyo. Aya haimchagulii yeyote, na haikulazimika kupunguza ukweli wowote ili isimchagulie. Hiki ndicho kipimo ninachokitumia ninaposahihisha: je, ile habari ambayo mwandishi muumini angependelea isiwepo, ipo, tena imeelezwa kwa upole ule ule wa habari anazozipenda?

Kipimo cha pili hutumia imani ya mtu mwingine. Chukua sentensi yako, ondoa majina, weka ya dini usiyoishiriki. Mwaka 1830 Joseph Smith alichapisha Kitabu cha Mormoni, ambacho alieleza kuwa alikitafsiri kutoka mabamba ya dhahabu baada ya kutokewa na malaika. Ikiwa kwa Smith kalamu yako inaandika "alieleza kuwa" bila kusitasita, basi Seymour naye "alieleza kuwa". Ikiwa kwa Smith umejikuta ukiandika "alidai", rudi ukarekebishe hapo pia, maana insha isiyokiri imani ni ile ambayo Mmormoni na Mpentekoste wanakutana na sarufi moja. Wanafunzi wengi hufanya vizuri katika kurasa zinazohusu dini yao, wakijichunga, kisha hujisahau katika aya moja ya ulinganisho na kuwatendea wengine visivyo. Anza ukaguzi wako katika aya hizo.

Limebaki suala la sababu. Utaulizwa, na unapaswa kuulizwa, kwa nini uamsho ulienea haraka. "Kwa nguvu za Roho" ni jibu ambalo washiriki walilitoa, na linaingia katika insha kama jibu lao. Lakini msomaji wako anahitaji pia njia zinazoonekana. Gazeti la misheni liligawiwa bure na kufika mbali; Thomas Barratt, mchungaji kutoka Norwei, alipata habari za Azusa akiwa New York mwaka 1906, akaandikiana barua na watu wa misheni, akarudi kwao mwishoni mwa mwaka huo na kuanza mikutano bila kuwa amekanyaga Los Angeles. Charles Mason wa Memphis alikwenda Azusa mwaka 1907, na kanisa aliloliongoza, Church of God in Christ, likawa miongoni mwa makubwa ya Kipentekoste. Kulikuwa pia na mtandao wa makundi ya utakaso yaliyokuwa yakisubiri uamsho tayari. Wayne Proudfoot, mwaka 1985, alitofautisha mambo mawili ambayo yatakusaidia hapa: unapomweleza mtu alichokipitia, ni lazima utumie maneno ambayo yeye angeyatambua kuwa ni yake, unapoeleza sababu ya kilichotokea, unaruhusiwa kutumia maneno ambayo yeye asingeyatumia. Barratt angesema kwamba Roho alimjia. Wewe utasema hivyo unapoieleza hali yake, na utataja gazeti na barua unapoeleza jinsi habari ilivyomfikia.

Hatari hapa ni vineno vidogo. Ukiandika kwamba uamsho ulienea "kwa sababu tu ya" magazeti, au kwamba kunena kwa lugha "si lolote ila" msisimko wa umati, umevuka kutoka sababu unayoweza kuionyesha hadi kauli juu ya kile kisichokuwepo, na vyanzo vyako haviwezi kukubeba huko. Barua zilieneza habari, hilo linathibitika. Kwamba hakukuwa na kingine chochote, hilo halithibitiki kwa barua.

Je, ujitaje kuwa Mpentekoste? Ikiwa insha yako inategemea mahojiano au ushiriki katika ibada, ni lazima, kwa sababu waliozungumza nawe walizungumza na mwenzao. Kwa insha ya vyanzo vilivyoandikwa, fuata desturi ya idara yako. Pale inaporuhusiwa, sentensi mbili katika sehemu ya mbinu zinatosha, nazo zieleze nafasi yako imefanya kazi gani. Kwa mfano: "Mimi ni mshiriki wa kanisa la Kipentekoste. Nafasi hiyo imenisaidia kuitambua misemo ya ibada iliyomo katika vyanzo. Kwa sababu hiyo hiyo nimevisoma kwa makusudi vyanzo vya wapinzani wa Azusa, ambavyo kanisa langu halivitumii." Usiombe radhi, usitoe ushuhuda, na usidhani kwamba kujitaja kunakupa ruhusa ya kurudia sauti ya ukiri katika kurasa zinazofuata. Soma pia maelekezo ya kazi uliyopewa. Kuna kozi za teolojia ndani ya vyuo hivyo hivyo ambazo zinakutaka hasa useme kama fundisho ni la kweli na kwa nini, na huko sauti niliyoieleza hapa ingekuwa kukwepa swali.

Nimalizie na "moto ule haukuzimika". Ni sentensi nzuri ya mimbarani, na shida yake kitaaluma ni kwamba imeunganisha vitu viwili vilivyokwenda njia tofauti. Mikutano ya kila siku iliendelea kwa takriban miaka 3, kisha kusanyiko likapungua. Seymour alifariki mwaka 1922 na jengo likabomolewa mwaka 1931. Wakati huo huo makanisa yaliyotokana na waliopita Azusa au kusoma habari zake yalikuwa yakiongezeka katika mabara kadhaa. Andika hivyo, vitu viwili katika sentensi mbili, na aya inayofuata ya insha yako itakuwa imejipatia swali lake: ilikuwaje kusanyiko lenyewe likapungua na vuguvugu lake likakua?